Soda ilimzindua baba, lakini usiku sukari ikashuka tena

Shikamoo Daktari,

Baba yangu ana miaka 71. Kwa kisukari anameza glibenklamidi asubuhi na jioni pamoja na metformini, na kwa presha anameza atenololi. Hivi karibuni alianzishiwa septrini kwa ajili ya maambukizi ya mkojo, na tangu hapo hamu ya kula ikapotea. Alhamisi alasiri nilimkuta amekaa nje, shati limelowa jasho ilhali hakukuwa na joto. Nilipomwuliza akanifokea, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Baba hanywi pombe. Nilitaka kumpa maji ya sukari, kaka yangu akanizuia: mgonjwa wa kisukari unampaje sukari? Jirani ndiye aliyeleta soda. Baba akanywa, na baada ya muda mfupi akili ikamrudia. Jioni alikula vijiko vichache tu, tukampa dawa zake kama kawaida, tena tukahakikisha amezimeza kwa sababu ya ile soda. Saa 9 usiku mama akamkuta anakoroma vibaya, shuka limelowa, haamki. Tulimkimbiza hospitali, wakamwekea dripu, akazinduka. Alilazwa, sasa yuko nyumbani.

Kwa nini ilishuka tena wakati soda ilishamsaidia? Tungejuaje mapema, maana tuliambiwa sukari ikishuka mtu hutetemeka, naye hakutetemeka? Ikitokea tena tuanze na nini? Kaka bado anasema sukari ni sumu kwake.

Binti yake

Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyote, na mama mpe pole yake peke yake, maana kumkuta mwenzio katika hali ile usiku wa manane si jambo dogo.

Nianze na kaka yako, kwa kuwa hoja yake ikibaki ndani ya nyumba, hayo mengine nitakayoandika hayatafanya kazi. Sukari ikizidi kwenye damu, madhara yake kwa macho, figo na mishipa kwa kawaida huja polepole, kwa miaka. Sukari iliyoshuka ni jambo la dakika. Ubongo hauna akiba ya maana ya chakula chake, unategemea sukari inayopita kwenye damu wakati huo huo. Ikipungua mno mtu huchanganyikiwa, anaweza kupata degedege, akapoteza fahamu, na asipowahiwa anaweza kufa au kubaki na madhara ya ubongo. Sasa tuseme mmekosea, mmempa vijiko 4 vya sukari kumbe ilikuwa juu tayari. Itapanda kidogo zaidi kwa saa chache, na hilo linarekebishika. Mkikosea upande wa pili, mkamnyima ilhali imeshuka, kosa hilo huenda lisirekebishike tena. Ndiyo maana sisi tunasema: ukiwa na shaka, na mgonjwa anaweza kumeza, mpe sukari. Kaka yako hakuwa na nia mbaya. Kila mara baba alipokwenda kliniki aliambiwa aache sukari, na hakuna aliyekaa na familia kuwaeleza kuwa ipo saa ambayo sukari ndiyo dawa.

Kuhusu kushuka mara ya pili, tofautisheni dawa zake mbili. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Glibenklamidi ni kitu kingine. Inalisukuma kongosho litoe insulini, na italisukuma hata kama mtu hajala. Dawa za jamii yake ni pamoja na glimepiridi, gliklazidi na glipizidi, kwa hiyo ukiona kwenye paketi jina linaloanza na “gli”, mwulize mfamasia moja kwa moja kama ni ya jamii hii. Ikishamezwa, glibenklamidi hufanya kazi kwa saa 24 hivi. Kwa mzee hukaa zaidi, hasa figo zikiwa zimechoka, kwa kuwa mwili unapoivunja hubaki viini ambavyo navyo bado vina nguvu ya kushusha sukari, na kuvitoa ni kazi ya figo.

Turudi kwenye Alhamisi yenu. Asubuhi baba alimeza kidonge na hakula vya kutosha. Kufika alasiri insulini ilikuwa inatoka, sukari haiingii, na septrini nayo ilikuwa imeongeza mzigo. Ile ni dawa ya jamii ya salfa, na inaweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi, zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu. Soda ikapandisha sukari haraka, lakini sukari ya soda hutumika ikaisha ndani ya saa moja au mbili, huku kidonge cha asubuhi bado kinafanya kazi. Kisha juu ya tumbo karibu tupu kikaingia cha jioni. Hapo ndipo usiku ule ulipoharibika. Familia nyingi hufanya hivyo hivyo, zikidhani dawa itaenda kuifuta ile soda, na wala hamkuwa mmeambiwa vinginevyo. Ila kuanzia sasa lijueni: kwa mtu anayemeza vidonge vya jamii hii, sukari ikishashuka mara moja, inaweza kushuka tena na tena kwa siku nzima au zaidi, hata kama ameamka, anacheka na anaomba kwenda kuoga. Kuzinduka kwake hakumaanishi dawa imeisha mwilini.

Na kutetemeka? Mliambiwa kweli, ila nusu. Sukari inapoanza kushuka mwili hupiga kengele: mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, njaa ya ghafla, wasiwasi, jasho jembamba la baridi. Ikiendelea kushuka ubongo wenyewe huanza kuyumba, na hapo utaona hasira zisizo na sababu, maneno kuburuta, macho kuona ukungu, kuduwaa, usingizi usio wa kawaida. Sasa baba anameza atenololi. Dawa za presha za jamii hiyo, propranololi ikiwamo, huzima sehemu ya ile kengele ya kwanza. Mikono haitetemeki sana na moyo hauendi mbio. Kinachobaki wazi ni jasho. Kwa wazee pia, hata wasiotumia atenololi, mara nyingi ishara za mwanzo huwa hafifu, na familia hukutana moja kwa moja na ukali au kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo kwa baba msisubiri atetemeke. Mshike shingo na paji la uso. Ngozi ikiwa baridi na imelowa wakati hakuna joto wala kazi aliyofanya, hiyo inatosha kuanza. Mwangalie vidole anapofunga kifungo cha shati: mtu ambaye sukari imeshuka hupapasa kifungo kile kile, anakikosa, anarudia, bila kushtuka kwamba anakikosa. Mwulize jambo ambalo halimshindi kamwe, kwa mfano jina la mjukuu wake mdogo. Akichelewa kujibu, akijibu nje ya swali, au akikukaripia kwa nini unamwuliza, msibishane naye, shikeni sukari. Usiku ishara ni shuka lililolowa, kuweweseka, ndoto za kutisha, kukoroma tofauti na alivyozoeleka, na asubuhi kuamka na kichwa kinachouma na uchovu kama hakulala. Mama ndiye anayelijua koromo la kawaida la baba, basi akisema halifanani, msimwambie alale.

Watu hufananisha hali hii na ulevi, na pia na kiharusi, kwa kuwa wakati mwingine sukari ikishuka mkono au mguu wa upande mmoja hulegea. Kwa mgonjwa wa kisukari anayemeza dawa hizi, kipimo cha sukari hutangulia dhana yoyote. Kama upande umelegea na sukari iko sawa, au imeshapandishwa na bado umelegea, mpelekeni hospitali mara moja kwa kiharusi.

Mkiwa na mashine ya kupima, tumieni, lakini osheni kwanza kidole chake kwa maji na mkifute kikauke. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi anayepima ndiye aliyetoka kukoroga maji ya sukari. Chembe ndogo tu ya sukari kwenye ngozi huchanganyika na tone la damu, mashine ikasoma juu, na nyumba nzima ikatulia wakati mgonjwa anaendelea kushuka. Namba ya kukumbuka ni 4. Kwenye mashine inayoandika mmol/L, chini ya 4 mtu huyu anatibiwa. Chini ya 3 ni hatari kubwa. Kama mashine yenu inaandika mg/dL, mpaka ni 70 na hatari kubwa ni chini ya 54. Kioo kikiandika LO, maana yake sukari iko chini kiasi kwamba mashine haiwezi kuihesabu. Na kama mashine haipo, betri imekufa au vijiti vimeisha, msipoteze hata dakika kumtafutia jirani mwenye mashine. Tibuni kwa ishara.

Sasa hatua zenyewe. Mkalishe wima kabisa, asiwe amelala chali. Akiwa macho, anakusikia na anaweza kumeza, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye nusu glasi ya maji, umpe kidogo kidogo anywe yote. Hiyo ni kama gramu 16 za sukari, na ndicho kipimo tunachotaka, kati ya gramu 15 na 20. Badala yake unaweza kumpa soda ya kawaida au juisi ya matunda yenye utamu, mililita 150 hadi 200, yaani nusu hadi theluthi mbili ya chupa ya mililita 300, au kijiko 1 kikubwa cha asali. Soda iliyoandikwa haina sukari haisaidii chochote, isomeni chupa kabla ya kumpa. Chokoleti, maziwa na biskuti visiwe vya kwanza, mafuta yaliyomo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na hapa tunakimbizana na muda.

Akikataa, na wengi hukataa kwa kuwa ubongo uliokosa sukari huwa mkaidi, asimame mbele yake mtu mmoja tu, yule anayemsikiliza zaidi. Wengine warudi nyuma. Maneno yawe mafupi: “Baba, kunywa.” Umshikie glasi mdomoni, usimweleze kisukari ni nini. Akipaliwa, au kinywaji kikimtoka pembeni mwa mdomo bila kumeza, acha hapo hapo, maana sasa hatari ni kuingia kwenye mapafu.

Akishakunywa, tazameni saa. Dakika 15 kamili, kisha pimeni tena, kidole kikiwa kimeoshwa. Kama bado iko chini ya 4, au hamna mashine na bado hajakaa sawa, rudieni kipimo kile kile. Msimpe lita nzima ya soda kwa hofu, inaweza kumletea kichefuchefu akatapika yote. Wakati mnarudia mara ya pili, mwingine awe tayari anatafuta usafiri.

Sukari ikipanda juu ya 4, mpeni chakula cha wanga papo hapo, kile anachokula siku zote, sahani ya kweli na si vijiko vichache. Hii ndiyo hatua iliyokosekana Alhamisi alasiri. Soda ilinunua muda, na muda huo ulipaswa kujazwa chakula. Kama hamu haipo, ale kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi, na kama hawezi kabisa au anatapika, hiyo peke yake ni sababu ya kwenda hospitali.

Kisha, na hapa nitasimama na familia yoyote inayobishana nami, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama amezinduka vizuri. Kwa mtu anayetumia insulini ya muda mfupi au metformini peke yake pengine nisingesisitiza hivi. Kwa mzee anayemeza glibenklamidi nasisitiza, kwa sababu ya ile saa 24 na zaidi niliyoieleza juu. Kidonge kinachofuata cha jamii ya “gli” asipewe mpaka daktari aseme. Mkifika, waambieni waliopo mapokezi maneno haya kwa mpangilio huu: ana kisukari, anameza glibenklamidi, alimeza mara ya mwisho saa fulani, alikula mara ya mwisho saa fulani, sukari ilikuwa kadhaa, tukampa kadhaa. Na paketi zote za dawa ziwe mkononi, na ya septrini isiachwe nyumbani. Wakimpandisha sukari kwa dripu ya glukosi wakataka kumruhusu baada ya saa mbili tatu, ulizeni kwa heshima kama anaweza kubaki akipimwa kila baada ya saa chache hadi dawa iishe. Ni swali ambalo mhudumu yeyote atalielewa.

Akiwa hana fahamu, kama usiku ule, mambo hubadilika. Hakuna kitu kinachoingia mdomoni, si maji, si soda, si kijiko. Mlazeni kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asibingirike, kichwa kielekezwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini mate yatoke. Toeni meno ya bandia kama anayo na yanatoka kwa urahisi. Akipata degedege msimkandamize wala msimwekee kitu kati ya meno, ondoeni tu vitu vigumu vilivyo karibu. Piteni njia ya haraka kuliko zote kwenda hospitali, na njiani mtu mmoja akae kichwani kwake, amshikilie hivyo hivyo kwa ubavu, akisikiliza pumzi. Akiacha kupumua, mlazeni chali na anzeni kumkandamiza kifua kama mmefundishwa. Iko sindano ya kupandisha sukari, glukagoni, ambayo baadhi ya familia hupewa. Mkiwa nayo na mmefundishwa, itumieni, lakini kwa wanaomeza dawa za jamii hii haitoshi peke yake, kwa kuwa inaweza pia kuliamsha kongosho litoe insulini zaidi. Safari ya hospitali haiahirishwi kwa sababu yake.

Hujaniambia baba alirudi nyumbani na dawa zipi. Fungua mfuko leo uangalie. Kama glibenklamidi bado imo, rudi kwa daktari wake kabla ya dozi inayofuata, usisubiri tarehe ya kliniki. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kuwa glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60, na miongoni mwa dawa za jamii hiyo, kwa wazee huelekezwa zaidi kwenye gliklazidi, ambayo hatari yake ya kushusha sukari kupita kiasi ni ndogo, ingawa nayo ipo. Kubadilisha ni uamuzi wa daktari, usikate vidonge mwenyewe. Omba pia apimwe kreatinini ili ijulikane figo ziko wapi, kwa kuwa jibu hilo linagusa metformini vilevile. Atenololi msiiache ghafla, moyo unaweza kuathirika. Wewe taja tu kwamba siku ile hakutetemeka, daktari ataelewa unamaanisha nini.

Na mkubaliane nyumbani jambo moja ambalo halihitaji kupiga simu kwanza: asipokula, kidonge cha jamii ya “gli” hakimezwi, na daktari anaarifiwa siku hiyo. Akitapika au kuharisha, ulizeni na kuhusu metformini. Akiandikiwa dawa mpya popote, anayemsindikiza aseme kabla ya kupokea kwamba anameza dawa ya kisukari inayoshusha sukari. Septrini si peke yake, siprofloksasini, flukonazoli ya fangasi na kwinini ya malaria nazo zinaweza kuiteremsha. Pakiti ya sukari na kijiko vikae kando ya kitanda cha baba, upande wa mama, na kaka yako ndiye aoneshwe namna ya kupima vijiko 4 vya kusawazisha, kwa kuwa siku nyingine huenda akawa yeye peke yake nyumbani.